Akitapika Mara ya Pili

Jina langu ni Dafrosa, lakini katika kijiji hiki cha Wanyamwezi, ng'ambo ya Lusu, hakuna anayelitumia. Mimi ni Mgogo. Nilifika hapa na barua ya ajira miaka tisa iliyopita, muuguzi wa zahanati yenye vyumba vinne, na siku ya kwanza kabla sijafungua begi mzee mmoja aliniuliza kama nimekuja kutibu au kuomba chakula. Nikamjibu kuwa nimekuja kudai hongo ya njia ambayo babu yake hakuilipa alipopita kwetu Ugogo na pembe za ndovu za watu kichwani. Waliokuwapo wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo nilikuwa wa kwao.

Asiyejua utani wa Wagogo na Wanyamwezi hawezi kuelewa habari hii, kwa hiyo nieleze mara moja. Wapagazi wao walipita nchini kwetu kwenda pwani, wakahitaji maji, na sisi tukawauzia. Walitutukana, tukawatukana, na mwisho tukazikana. Mpaka leo mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, na huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kukutabiria kifo mezani. Na ukifa kweli, yeye ndiye anayeruka kaburini na kukataa usizikwe mpaka apewe kuku.

Nilifanya kazi yangu kwa utani huo, na ilikwenda. Hilo nalisema wazi kwa sababu sitaki mtu afikiri nilikuwa mjinga tangu mwanzo. Chukueni huyu Shigela. Miaka mitatu iliyopita alipatikana na kifua kikuu, na alikuwa mtu wa kukimbia dawa. Nilimfuata hadi bondeni kwake kwenye mpunga. Nikamwambia, "Acha dawa, ufe upesi, nimeshachagua ng'ombe nitakayeondoka naye msibani." Alicheka, akanitukania babu yangu, akameza. Miezi sita alimeza bila kukosa siku. Alipopona alikuja zahanati na jogoo, akasema, "Mgogo, ng'ombe umemkosa." Nilimpenda Shigela. Nasema nilimpenda kwa jinsi mtu anavyompenda kaka.

Ilikuwa mwezi wa sita, mavuno ya mpunga yamepamba moto. Asubuhi, kama saa mbili na nusu, mganga mfawidhi wetu ameitwa kikaoni Nzega na mimi niko peke yangu, nikasikia mkokoteni unasimama nje. Shigela aliingia amembeba binti yake Jenifa, mtoto wa miaka sita. Nyuma yake alikuja mkewe Elieth, khanga imemlegea kiunoni, macho mekundu.

Jenifa alikuwa amekaa juu kabisa ya magunia, mahali anapopapenda kila mtoto wa huku. Gurudumu likaingia kwenye mtaro, mkokoteni ukainama, akarushwa. Aliangukia upande wa kulia wa kichwa kwenye udongo uliokauka ukawa kama tofali. Elieth alisema alilia hapo hapo. Hakuzimia. Hakutapika. Alilia, akanyamaza, akaomba maji.

Nilimweka kitandani. Akaniangalia, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mtani. Unaitwa nani?"

"Jenifa Shigela."

"Na huyu mwenye sura ya punda ni nani?"

"Baba," akasema, na akacheka kidogo.

Nilimulika macho kwa tochi. Mboni zote mbili zilikuwa sawa na zilijikunja kwa mwanga. Nikamwambia anikamate vidole, akakamata kwa mikono yote miwili kwa nguvu ileile. Shingo ilizunguka bila maumivu. Alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni akarudi bila kuyumba. Masikioni na puani hapakuwa na damu wala maji. Lakini juu ya sikio la kulia palikuwa na nundu, na nilipoigusa ilikuwa laini, inabonyea. Mahali pale mfupa ni mwembamba, na chini yake unapita mshipa wa damu. Nilifundishwa hivyo na sikusahau. Mtoto aliyeanguka kutoka juu kuliko kimo chake, mwenye nundu laini pale, anaweza kucheka nawe asubuhi huku damu inakusanyika polepole ndani.

Nilijua. Mniwekee hilo moyoni mnaponisikiliza. Nilijua.

Nikasema, "Shigela, mtoto abaki hapa. Nimwangalie mpaka alasiri, na ikibidi aende hospitali ya wilaya."

Shigela akatazama nje. Ng'ombe walikuwa wamefungwa juani na mkokoteni umejaa. Mpunga mwingine ulikuwa umelala shambani, na ng'ombe wa watu wanazurura. "Mgogo, unataka kunifungia binti ili upate wa kukuchotea maji," akasema. "Si umemwona anatembea? Nyumbani kuna mama yake. Atalala kivulini."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusimama mlangoni, nikavaa ule uso wa serikali ninaouvaa wakaguzi wakija, nikasema hapana. Lakini na Shigela sikuwa na uso huo. Nilikuwa nimeutupa siku ya kwanza, na kwa miaka tisa nilijisifu kwamba nimeutupa. Nikaona mtoto anachezea mkia wa tochi yangu, nikasema moyoni, haya, nitampa maelekezo.

Nikampa. Nakumbuka kila neno, maana nimeyarudia tangu siku hiyo zaidi ya sala.

"Sikiliza wewe mpagazi. Msimwache peke yake leo wala kesho. Akilala, mwamsheni kila baada ya muda, awaambie jina lake. Akitapika mara moja, mwangalieni kwa makini. Akitapika mara ya pili, mleteni, hata kama ni usiku, hata kama mnakula. Akilala usingizi mzito, akaamka kwa shida au akaongea visivyoeleweka, mleteni. Kichwa kikizidi kuuma, akilegea mkono au mguu, akishikwa na degedege, akitoka maji puani, mleteni."

Hapo ningenyamaza. Maelekezo yalikuwa kamili. Lakini Shigela alikuwa anatabasamu, na mimi sijui kuona Mnyamwezi anatabasamu nikaacha ipite.

"Usipomleta," nikasema, "nitakuja mwenyewe kula ubwabwa wa msiba, na sitoki kaburini mpaka unipe jogoo mwingine."

Shigela alicheka mpaka akakohoa. "Mgogo na njaa yake!" Elieth, ambaye alikuwa amelia njia nzima, alijifunika mdomo kwa khanga akacheka naye. Hata Jenifa alicheka, kwa kuwa baba yake amecheka. Niliwapa vidonge vya kutuliza maumivu, nikawasindikiza hadi kwenye mkokoteni, nikarudi ndani nimefurahi. Nilikuwa nimefurahi, wallahi.

Yaliyofuata nimeambiwa na Elieth.

Saa sita Jenifa alitapika uji. Jirani yao mmoja, Eustadia, alikuwapo anapeta mpunga, akasema ni malaria, msimu wenyewe ndio huu, nani huku anatapika bila malaria? Elieth akamwambia mtoto ameanguka. Eustadia akasema basi ni malaria na kuanguka. Mtoto alilalamika kichwa, akalala kwenye mkeka chini ya ukingo wa paa.

Saa saba na nusu alitapika tena. Safari hii hakuinuka, alitapika palepale alipolala. Elieth akamfuata mumewe uwanjani walipokuwa wanapiga mpunga, akamwambia, "Baba Jenifa, ametapika mara ya pili. Nesi alisema mara ya pili tumpeleke."

Shigela aliegemea fimbo yake ya kupigia mpunga. Hakuwa mtu mkatili. Sitaki mtu yeyote amfikirie hivyo, maana wapo wanaotaka. Alifikiri kweli. Kisha akasema, "Yule ni mtani wangu. Kila siku ananizika. Aliniambia nitakufa na kifua, nimekufa? Angekuwa na wasiwasi angetuzuia. Mtu mwenye wasiwasi anacheka vile?"

Elieth akasimama. Alikumbuka kwamba hata yeye alicheka. Akaona aibu kurudi zahanati na mtoto mwenye malaria, achekwe na Mgogo kwamba hawajui hata utani. Akarudi kivulini. Jenifa alikuwa amelala. Alimgusa bega, mtoto akafumbua macho, akasema neno ambalo Elieth hakulielewa, akafumba. Elieth akasema moyoni, usingizi ni dawa, apumzike.

Saa tisa alimsikia anakoroma. Mtoto wa miaka sita anakoroma kama mzee. Alipomwinua, nguo ilikuwa imelowa mkojo na mkono wa kushoto ulining'inia. Hakumwita mtu. Alimfunga mgongoni akakimbia mpaka alipopata bodaboda.

Nilipomwona anashuka nilijua kabla hajasema. Nilimlaza ubavu, nikamnyanyua kichwa kidogo, shingo ikiwa imenyooka. Nikamwita jina lake, hakuitika. Nikabonyeza ukucha, akavuta mkono wa kulia tu. Nilipima sukari, ilikuwa sawa. Mapigo ya moyo yalikuwa polepole kuliko yanavyotakiwa kwa mtoto. Nikamulika tochi ileile aliyoichezea asubuhi. Mboni ya kushoto ikajikunja. Ya kulia ilikuwa kubwa, imetulia, haikujali mwanga wangu.

"Ametapika mara ngapi?" nikamuuliza Elieth.

"Mbili."

"Mara ya pili saa ngapi?"

Akanitajia. Nilitaka kumpiga kofi. Nasema kweli, mkono uliniwasha. "Kwa nini hukuja saa ile? Si nilikwambia? Elieth, si nilikwambia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. "Dada," akasema taratibu, "ulikuwa unatania."

Niliita gari la wagonjwa kwa simu. Lilifika baada ya dakika arobaini. Shigela alikuja mbio bila viatu, makapi ya mpunga yamejaa kwenye nywele zake, akaingia garini na sisi. Katika hospitali ya wilaya, Nzega, alitupokea daktari kijana, Silasi, mtu wa maneno machache. Alimwekea mpira wa kupumulia na dripu ya kupunguza uvimbe, akanivuta pembeni. Alisema damu imejaa kati ya fuvu na ubongo, inausukuma ubongo, na dawa peke yake haitoshi, lazima apimwe na afunguliwe kichwa, na hilo halifanyiki pale. Gari lilikuwa linawashwa tayari kwenda Tabora.

"Alianguka saa ngapi?" akaniuliza akiwa anaandika barua ya rufaa.

"Saa mbili asubuhi."

"Na alianza kutapika?"

"Saa sita."

Kalamu ilisimama. Hakunilaumu, aliendelea kuandika. Ningeshukuru kama angenilaumu.

Njiani nilishika mfuko wa hewa nikawa naubonyeza, nahesabu. Shigela alikaa mbele yangu, ameshika mguu mmoja wa mtoto. Elieth alikuwa ameegemea mlango, amefumba macho, anaomba bila sauti. Barabara ile ni ya lami siku hizi, gari linakwenda, lakini nilikuwa naiona ndefu kama waliyoipita babu zao kwa miguu. Baada ya muda Shigela akasema, "Mtani, sema kitu."

Nilimwelewa. Alikuwa anataka nimtukane. Aliamini kwamba nikimtukana mambo yatakuwa kama siku zote, maana kwake Mgogo akitania ni kwamba hali si mbaya. Nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Ndipo akaelewa. Alijua kwa ukimya wangu kile ambacho asubuhi hakukijua kwa maneno yangu, na akaanza kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume.

Tulipopita Puge jua lilikuwa linazama. Moyo wa Jenifa ulisimama hapo. Nilikibonyeza kifua chake mpaka tulipofika, ingawa nilijua.

Tulimzika kesho yake alasiri, pembeni ya shamba. Kwaya ya Moravian iliimba. Nilikaa nyuma na wanawake, nimejifunika kitenge usoni, nikimwomba Mungu nisahauliwe. Lakini kijiji hakisahau kazi ya mtu. Kabla jeneza halijashushwa, Yoramu, kaka mkubwa wa Shigela, alikuja kusimama mbele yangu. Mkononi ameshika jogoo aliyefungwa miguu.

"Mgogo," akasema, "kazi yako."

"Mtani, huyu ni mtoto," nikasema. "Niacheni."

Akainama karibu. "Mdogo wangu hajala tangu jana. Watu wanaanza kuulizana kwa nini mtani amejificha. Usipoingia, watasema mmegombana, watasema kuna mtu ana kosa. Ingia, upunguze uzito."

Mtu ana kosa. Nikasimama. Niliwapita wote, nikavua viatu, nikashuka kaburini kama nilivyoshuka katika makaburi mengine saba ya kijiji hiki. Lile lilikuwa fupi. Ukingo wake haukunifika begani. Wakangoja. Mzee mmoja tayari alikuwa anatabasamu.

Nikaona kwamba hapa ndipo mahali pekee ambapo nina haki ya kusema lolote na hakuna wa kunikatiza. Basi nikasema. Nikaipaza sauti ileile ya mtani, maana sina nyingine, wala koo langu halikujua kutoa nyingine.

"Enyi wapagazi! Mnaniletea mzigo huu nani amewaambia? Nani alisema mumlete huku? Mimi nilisema mumlete zahanati! Nilisema akitapika mara ya pili, mleteni! Nilisema akilala na kuamka kwa shida, mleteni! Sikusema mumlete shimoni! Hamna masikio? Babu zenu waliuza masikio pwani?"

Wakacheka.

Kwanza mzee yule, kisha vijana waliobeba jeneza, kisha wanawake, wakifuta machozi na kucheka, kama desturi inavyotaka. "Mgogo huyu!" mtu akasema. "Mgogo hana haya!" Nikarudia. Nikapiga ukuta wa kaburi kwa ngumi, udongo ukanimwagikia kichwani. "Mara ya pili, mleteni! Msicheke, nyie! Nasema kweli, akitapika mara ya pili mleteni!" Kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kucheka, maana hawakuwahi kuona mtani anayejua kuigiza kilio vizuri hivyo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alicheka mpaka akakaa chini.

Shigela hakucheka. Alisimama juu ya kichwa changu, ananitazama, midomo yake inafuata maneno yangu moja moja, kama mtoto wa shule anayesomeshwa.

Yoramu akanirushia jogoo. Nikampokea kifuani, anapapatika, ana joto. Hiyo ndiyo ruhusa ya kuzika. Walininyanyua kwa mikono, wakiwa bado wanacheka, wakanipangusa udongo, wakanisifu.

Elieth alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na ukingo. Nilipompita alinishika pindo la gauni, akanivuta mpaka nikachuchumaa.

"Dada," akasema, "leo wamecheka kama mimi nilivyocheka."